Magiza manne yaliyopotea: barua pepe ya mwanafunzi wa uzamili kwa kamati yake

Jumapili ya tarehe 21 Julai 2024, jioni, binti mmoja anayesoma uzamili alinitumia barua pepe aliyokusudia kuipeleka kwa kamati yake kesho yake asubuhi. "Shikamoo kaka, nipitishie macho tu, Kiingereza changu kisije kikaniangusha." Kiingereza chake kilikuwa safi. Kilichokuwa kinataka kumwangusha ni mwezi, na usiku ule ulikuwa umejaa, unang'aa juu ya Ziwa Tanganyika kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi ule wa Katonga.

Amenikubalia nikieleze kisa chake, bila kumtaja yeye wala chuo chake. Kamati yake hufanya kazi kwa Kiingereza, kwa hiyo vipande vya barua nitakavyoviweka hapa nimevigeuza mwenyewe.

Kwanza utafiti wenyewe, maana bila kuuelewa barua haieleweki. Alikuwa anapima mavuno ya dagaa na mgebuka kwenye mialo miwili ya Kigoma: kilo zinazoshushwa na kila chombo, na urefu wa samaki kwa sampuli. Pembeni alikuwa na dodoso la wachuuzi 120 kuhusu bei na hasara baada ya mavuno. Kila anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba taa haina maana mbalamwezi ikiwa imesimama juu angani. Mwezi ukijaa, vyombo vingi hupumzika, nyavu hushonwa, watu hulala. Giza likirudi, kazi inarudi. Kwa hiyo mwaka wa mvuvi hauhesabiwi kwa wiki wala kwa miezi ya kalenda, unahesabiwa kwa magiza, na kutoka giza moja hadi jingine ni siku 29 na nusu hivi.

Pendekezo lake la utafiti lilipitishwa Februari 2024 likiwa na magiza sita, kuanzia la Aprili hadi la mwanzoni mwa Septemba. Kila giza usiku nane wa kupima. Usajili wake ulikuwa unaisha tarehe 31 Oktoba 2025, na tasnifu ilipangwa kuwasilishwa tarehe 31 Mei 2025. Tarehe hizo mbili zikumbukwe, zina kazi yake mbele.

Halafu Tanzania ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Vyombo vikapandishwa nchi kavu. Mtafiti anayepima mavuno hana cha kupima kama hakuna anayevua.

Sasa barua aliyonitumia. Kichwa chake kilisema "Samahani kwa ukimya", na mwili wake ulikuwa hivi:

"Wapendwa walimu wangu, natumaini barua hii inawakuta wazima. Nasikitika kuwataarifu kwamba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu, ikiwemo serikali kufunga Ziwa Tanganyika, utafiti wangu umechelewa kwa miezi minne. Pia mama yangu aliugua mwezi Juni. Hivyo naomba kuongezewa muda wa miezi sita. Nitaanza tena kukusanya data Agosti 16, mara tu ziwa litakapofunguliwa, na naahidi kufanya kazi usiku na mchana kufidia muda uliopotea."

Ukiisoma haraka haina ubaya. Ina adabu, ina sababu ambayo nchi nzima inaijua, ina ombi. Lakini mjumbe wa kamati hasomi haraka, hasa yule msimamizi mwenza ambaye kazi yake ni takwimu. Ziwa limefungwa miezi mitatu, huyu anasema amechelewa minne, anaomba sita. Mwezi mmoja umetoka wapi, na miwili mingine inakwenda wapi? Hapo ndipo maswali yanapoanza, na mwanafunzi akishaanza kuulizwa maswali ambayo barua yake ingeweza kuyajibu, hata sababu yake ya kweli inaanza kunuka kama kisingizio.

Nilimpigia simu. Nikamwambia achukue kalenda yenye tarehe za mwezi, tuhesabu pamoja giza kwa giza.

Kilele cha giza la Aprili kilikuwa tarehe 8. La Mei tarehe 8 pia. La Juni tarehe 6, la Julai tarehe 5, la Agosti tarehe 4. Kufungwa kwa ziwa kulimeza la Juni, la Julai na la Agosti, matatu kamili. La Mei alilipata: kuanzia Mei 1 hadi Mei 14 alikuwa mwaloni kila jioni, na alikamilisha usiku wake nane kabla ya vyombo kusimama. Likabaki la Aprili. "Na la Aprili je?" nikamuuliza.

Kimya kidogo. Kisha akasema, "Kaka, lile lilikuwa langu."

Fomu yake ya kuombea kibali cha utafiti aliipeleka mwanzoni mwa Machi bila sahihi ya msimamizi mkuu. Ikarudishwa kwenye mfumo. Hakuufungua mfumo kwa wiki tatu, akiamini kibali kinashughulikiwa. Alipokuja kugundua, kusainisha na kupeleka upya, barua ya kumtambulisha mkoani ikafika Aprili 22, na giza la Aprili lilikuwa limeshapita, mbalamwezi imekaribia kujaa. Magiza manne yaliyopotea, basi: matatu ya ziwa, moja la sahihi.

Kwa maoni yangu hapa ndipo barua nzima inaposimama au kuanguka. Kishawishi cha kulificha giza la Aprili ndani ya yale matatu ni kikubwa, kwa sababu kisingizio cha ziwa ni kikubwa kiasi cha kulifunika. Lakini msimamizi mkuu ndiye aliyeisaini ile fomu mwishoni mwa Machi. Anajua. Ukimwandikia kwamba yote manne ni ya serikali, unamlazimisha achague kati ya kukuumbua mbele ya wenzake na kunyamaza akiwa na shaka nawe hadi siku ya kutetea tasnifu. Sentensi moja ya kukiri inaondoa yote hayo, na zaidi ya hapo inayapa nguvu yale matatu mengine: mtu aliyekubali lake husadikiwa anapotaja la wengine.

Kulikuwa na jingine la kukiri. Habari za ziwa kufungwa alizisikia Januari kutoka kwa wavuvi wenyewe, alipokwenda kuangalia mialo kabla ya kuandika pendekezo. Alizichukulia kama maneno ya mwaloni. Hakuuliza ofisi ya uvuvi, na hakuiambia kamati ilipokuwa inaipitisha ratiba inayopita katikati ya miezi hiyo. Kwa hiyo maneno "nje ya uwezo wangu" ni kweli nusu. Kufunga ziwa hakukuwa katika uwezo wake. Kuiweka hatari hiyo kwenye ratiba kulikuwa.

Mama yake? Nilimwambia amtoe. Akashtuka. "Kaka, ni kweli aliugua, nilikaa naye wiki mbili hospitalini." Sikatai, na nilimpa pole. Lakini Juni ziwa lilikuwa limefungwa. Wiki zile mbili hazikumpotezea usiku hata mmoja wa kupima. Kwenye barua ya namna hii swali ni moja tu: jambo hili lilisogeza tarehe gani? Kama halikusogeza, liko barua nyingine. Kama angekuwa anaomba kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa wa mzazi, hapo lingekuwa kiini, na angeambatisha cheti. Mrundiko wa sababu huwa haumwongezei mtu huruma. Humpunguzia.

Tukafika kwenye ombi lenyewe. "Miezi sita umeipata wapi?" Akasema aliambiwa na wenzake aombe mingi apewe michache. Hii ni mbinu ya sokoni, na kwa mchuuzi wa Mwanga mjini Kigoma inafanya kazi. Kwa kamati ya uzamili inaleta madhara, kwa sababu "kuongezewa muda" ni neno lenye maana yake kwenye kanuni. Vyuo vingi hutofautisha mambo matatu ambayo wanafunzi huyachanganya. Kuahirisha masomo ni kuisimamisha saa ya usajili kwa sababu maalumu. Kuongeza muda wa usajili ni kuomba kuvuka tarehe ya mwisho, na kwa kawaida kuna ada, kuna fomu, na ombi hupanda hadi ngazi ya juu ya chuo. La tatu ni dogo kuliko yote: kubadili ratiba ya kazi ndani ya muda ule ule wa usajili, ambako kamati na mratibu wa uzamili wa idara wanatosha.

Yeye alihitaji lipi? Usajili ulikuwa unaisha Oktoba 31, 2025. Tukahesabu kwenda mbele. Magiza sita yanatakiwa, moja analo, matano yamebaki. La kwanza baada ya ziwa kufunguliwa kilele chake ni Septemba 3, kisha Oktoba 2, Novemba 1, Desemba 1, na Desemba 30 au 31 kutegemea unahesabu kwa saa ya wapi. Giza hilo la mwisho linamalizika kama Januari 7, 2025. Ratiba ya zamani ingemalizika kama Septemba 11, 2024. Tofauti ni siku 118, sawasawa na magiza manne. Hesabu ikafunga, na nakwambia ni raha kuiona inafunga.

Lakini data kuchelewa siku 118 si sawa na tasnifu kuchelewa siku 118. Kipindi ziwa limefungwa hakukaa bure: alikuwa ameshawahoji wachuuzi 74 kati ya 120, na sura mbili za mwanzo zilikuwa na rasimu. Waliobaki 46 angeweza kuwahoji siku za mbalamwezi, wakati wachuuzi nao wana nafasi, na data za kila giza angeziingiza kwenye kompyuta kabla ya giza jingine badala ya kungoja zote zijazane. Kwa mpangilio huo uwasilishaji unasogea kutoka Mei 31 hadi Julai 31, 2025. Miezi miwili. Na inabaki miezi mitatu kabla usajili haujaisha. Kumbe hakuhitaji kuongezewa muda hata siku moja. Alikuwa anakwenda kuomba jambo kubwa, lenye ada, ambalo halimhusu.

Ile Agosti 16 ndiyo iliyonifanya nimpigie simu usiku badala ya kumwandikia. Ziwa linafunguliwa tarehe 15. Mwezi unajaa tarehe 19. Mtu anayesema ataanza kupima dagaa tarehe 16 anaiambia kamati kwamba ratiba yake ameiandika akitazama tangazo la serikali, hakutazama ziwa. Watakuwepo watakaotoka usiku ule ule, maana njaa ya miezi mitatu haingoji mwezi, lakini utakuwa usiku wa pupa usiofanana na usiku wa kawaida wa giza. Sampuli ya siku hizo ingempotosha. Tukaweka kuanza Agosti 25.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote, na kusema kweli mimi nisingeliona. Aliliona yeye mwenyewe. Ratiba ikisogea, utafiti unabadilika. Pendekezo la awali lilikuwa la mavuno ya kiangazi, Aprili kuelekea Septemba, wakati upepo wa kusini-mashariki unapovuma na kuchanganya maji ya ziwa, ukipandisha rutuba kutoka chini hasa upande wa kusini. Ratiba mpya inaangukia mwishoni mwa kiangazi na kuingia kabisa kwenye masika. Huwezi kuyabadilisha majira halafu ukabaki na kichwa kile kile cha tasnifu. Tena kulikuwa na mtego: ana giza moja la kabla ya ziwa kufungwa na matano ya baada, na mtu yeyote angeshawishika kusema "mavuno yaliongezeka kwa sababu ya kufungwa". Hawezi. Mei na Oktoba hutofautiana hata mwaka ambao ziwa halikufungwa, na giza moja halitoshi kuwa msingi wa kulinganisha. Akaamua kuiambia kamati wazi, kwa sababu alijua msimamizi mwenza angeliuliza kwenye sentensi yake ya kwanza.

Barua aliyoituma Jumatano, Julai 24, baada ya kumpigia kwanza msimamizi mkuu ili asije akaikuta pamoja na wengine kama mgeni, ilikuwa hivi. Kichwa: "Ombi la kuidhinisha ratiba mpya ya ukusanyaji data, Kigoma: naomba jibu kabla ya Agosti 12".

"Ndugu Wajumbe wa Kamati,

Naomba mniidhinishie ratiba mpya ya ukusanyaji data na mabadiliko ya lengo la kwanza la utafiti. Tarehe ya kuwasilisha tasnifu inasogea kutoka Mei 31 hadi Julai 31, 2025. Siombi kuongezewa muda wa usajili, unaoisha Oktoba 31, 2025.

Kati ya magiza sita ya uvuvi yaliyopangwa, nimekusanya moja, la Mei 2024, kwa ukamilifu. Manne yamepotea. Matatu (Juni, Julai na Agosti) yamepotea kwa sababu uvuvi umefungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Moja, la Aprili, lilipotea kwa kosa langu: niliwasilisha fomu ya kibali bila sahihi na sikufuatilia kwa wiki tatu. Aidha, nilisikia uwezekano wa ziwa kufungwa tangu Januari na sikuuthibitisha wala kuwaeleza mlipokuwa mnapitisha ratiba. Nilipaswa pia kuwaandikia Mei 15 badala ya leo.

Katika kipindi hiki nimewahoji wachuuzi 74 kati ya 120 na nimeandika rasimu za sura ya kwanza na ya pili.

Napendekeza kupima katika magiza matano, usiku nane kila moja: Agosti 25 hadi Septemba 11, Septemba 24 hadi Oktoba 11, Oktoba 24 hadi Novemba 9, Novemba 22 hadi Desemba 9, na Desemba 22 hadi Januari 7, 2025. Giza la Januari 20 hadi Februari 5 ni la akiba, endapo hali ya hewa itanipotezea usiku wowote. Sura ya tatu nitawaletea ifikapo Novemba 30. Uchambuzi ni Februari na Machi. Rasimu kamili itawafikia Mei 30, 2025, nikizingatia wiki nne za kusoma kwenu, na marekebisho nitayafanya Julai.

Ratiba hii inahamisha utafiti kutoka kiangazi kwenda mwisho wa kiangazi na masika. Kwa hiyo naomba lengo la kwanza lisomeke kuwa ni kueleza mavuno katika magiza matano yanayofuata kufunguliwa kwa ziwa. Data za Mei nitazionyesha kama maelezo ya hali ya kabla, si kama msingi wa kupima athari za kufungwa, kwa kuwa majira ni tofauti na giza ni moja.

Barua ya utambulisho niliyo nayo mkoani inaisha Septemba 30, 2024. Mkiidhinisha kabla ya Agosti 12, nitapata muda wa kuomba mpya kabla ya giza la kwanza. Nimeambatisha ratiba ya zamani na mpya katika ukurasa mmoja, na nakala ya barua hiyo.

Kama kamati itaona magiza matano ni mengi, naweza kufanya matatu na kumaliza Novemba 9, lakini nitakosa kuiona masika."

Mambo machache kuhusu barua hii. Ombi liko juu kabisa, kabla ya sababu. Mjumbe anayeisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni anajua anachotakiwa kuamua. Neno "samahani" halimo, na sioni kama limekosekana. "Nilipaswa" limefanya kazi hiyo. Salamu ndefu zimeondoka. Rasimu nyingine aliyoijaribu katikati ilianza na "Shikamooni wazee wangu", ambayo ni heshima nzuri kwenye simu au mlangoni mwa ofisi, lakini kwenye barua itakayowekwa kwenye jalada na kusomwa na mratibu asiyemjua, "Ndugu Wajumbe" inatosha.

Ile barua ya utambulisho inayoisha Septemba 30 ilitoka kichwani mwake, si mwangu. Wengi husogeza ratiba ya data wakasahau kwamba vibali vyao vina tarehe, kisha wanajikuta mwaloni Oktoba na karatasi iliyokufa, na kiongozi wa mwalo ana haki yote ya kuwaambia warudi. Ndiyo sababu pia ile Agosti 12 haikuwa ya kuwashinikiza walimu. Ilikuwa na kazi, na alieleza kazi yake. Mwalimu hukasirishwa na tarehe ya kupewa bila sababu.

Wiki nne za kusoma nazo zilikuwa na historia. Kwenye jedwali lake la kwanza rasimu ilikuwa inafika kwa wasimamizi Juni 30 na tasnifu inawasilishwa Julai 7. Nilicheka. Profesa mwenye wanafunzi wanane na vikao kila siku asome sura tano kwa wiki moja! Ratiba inayotegemea mwingine akimbie si ratiba ya kwako.

Na lile giza la akiba. Alisitasita kuliweka, akihofia litaonekana kama uzembe uliopangwa mapema. Mimi naona kinyume. Masika ziwani ina dhoruba, na usiku wa dhoruba hakuna chombo kinachotoka. Ratiba isiyo na nafasi ya dhoruba itamrudisha kwenye kamati mara ya pili, na barua ya pili ya kuchelewa husomwa kwa jicho jingine. Kwa upande mwingine akiba isingeweza kurefushwa sana, kwa kuwa ziwa lingeweza kufungwa tena Mei 2025. Kumaliza mapema Februari kulimwacha mbali na mpaka huo.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Msimamizi mkuu alikubali kwa mistari miwili. Msimamizi mwenza, kama ilivyotarajiwa, alikuwa na lake, ila halikuwa lile la majira, kwa sababu lilishajibiwa. Aliuliza: baada ya kufunguliwa, vyombo vitakavyotoka kwa usiku vitakuwa vingi kuliko kawaida, kilo zikipanda utajuaje kama samaki wameongezeka au ni wavuvi walioongezeka? Akataka, pamoja na kilo, aandike idadi ya vyombo vilivyotoka kila usiku, taa ngapi kila kimoja, na saa za kuondoka na kurudi. Ni swali zuri, na lilimwongezea kazi. Angalia lakini lilikuwa swali la aina gani: lilihusu utafiti, halikuhusu uaminifu wake. Mjumbe wa tatu aliomba kichwa cha tasnifu kibadilishwe rasmi kupitia idara, na taarifa fupi kila giza linapokwisha. Magiza yakabaki matano.

Barua mpya ya utambulisho mkoani ilitoka siku nne kabla ya giza la kwanza. Karibu mno kwa moyo wangu, lakini ilitoka.

Mwishoni mwa giza la nne, mapema Desemba, upepo ulikuja na mvua, vyombo vikakaa nchi kavu, na alipoteza usiku watatu mfululizo. Asubuhi ya nne alituma taarifa ambayo hakunionyesha kwanza. Nilipata nakala tu:

"Ndugu Wajumbe, nimepoteza usiku watatu kwa dhoruba katika giza hili, na mwezi hauniachii nafasi ya kuufidia wote. Nimepima usiku sita kati ya nane. Siku mbili zilizobaki nitazihamishia giza la akiba, Januari 20 hadi Februari 5. Tarehe ya rasimu haibadiliki."

Msimamizi mkuu alijibu saa hiyo hiyo kwa neno moja: "Sawa."